Hewa Kiasi Gani Inaingia Thieta?

Mgonjwa akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji, hewa iliyochujwa hushuka juu yake kutoka darini na kusukuma vumbi, vijidudu na mvuke wa dawa za usingizi mbali na kidonda kilicho wazi. Hewa hiyo ikipungua, hakuna atakayeona. Feni itaendelea kuvuma na taa ya kijani itaendelea kuwaka, na daktari hatajua lolote. Kwa hiyo kabla thieta mpya haijakabidhiwa, fundi wa kusawazisha hewa hupanda darini akiwa na drili, mrija wa chuma uliopinda na kifaa kidogo cha kupima shinikizo. Kazi yake ni kujibu swali moja: ni mita ngapi za ujazo za hewa zinazopita humu kwa saa?

Kiwango namba 170 cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya hewa chenye makao yake Marekani, kinataka hewa ya thieta ibadilishwe angalau mara 20 kwa saa. Tuchukue thieta iliyoko Nairobi, yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5.5 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 99, kwa hiyo mara 20 ni mita za ujazo 1,980 kwa saa. Mhandisi aliyeichora ameongeza akiba kidogo, akaandika 2,160. Hewa yote inapita kwenye dakti moja ya bati yenye upana wa milimita 400 na kimo cha milimita 300 kwa ndani. Tutaifuata dakti hii mpaka mwisho.

Mrija wenyewe ni wa zamani. Mfaransa Henri Pitot aliutumia mwaka 1732 kupima kasi ya maji ya mto Seine mjini Paris, na katikati ya karne ya 19 mwenzake Henry Darcy akauboresha. Ule unaotumika kwenye dakti leo umepinda kama herufi L, nao ni mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mrija wa ndani una tundu kwenye ncha linalotazama hewa inakotoka. Wa nje una vitundu vidogo ubavuni, ambavyo hewa inavipita bila kuvigonga. Ukitoa kiganja nje ya dirisha la matatu, unasikia upepo ukikusukuma, na gari likiongeza mwendo msukumo unaongezeka. Tundu la mbele hupokea msukumo huo pamoja na shinikizo la kawaida lililomo ndani ya dakti, ilhali vitundu vya ubavuni hupokea lile la kawaida peke yake. Mipira miwili huunganisha mirija hiyo na manometa, na manometa huonyesha tofauti yake. Tofauti hiyo ndiyo msukumo wa mwendo, na kasi hupatikana hivi:

V = √(2p/ρ)

Hapa V ni kasi kwa mita kwa sekunde, p ni tofauti ya shinikizo kwa paskali, na ρ ni densiti ya hewa, yaani kilo za hewa zilizomo katika mita moja ya ujazo. Kipeuo cha pili kilichomo humo ndicho kitakachotusaidia na kutusumbua katika hesabu yote inayofuata.

Paskali zenyewe ni chache mno. Kwenye dakti yetu tunatarajia kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde, na msukumo wake ni paskali 12 tu. Shinikizo la anga la Nairobi ni kama paskali 83,000. Fundi anatafuta mnong'ono ndani ya kelele, na ndiyo sababu kila kosa dogo lina bei.

Hewa haiendi kwa kasi moja ndani ya dakti. Kwenye kuta inakokotwa na bati, katikati inakimbia, na baada ya kona inaegemea upande wa nje wa kona. Kipimo kimoja cha katikati kingetudanganya kwa kuzidisha. Kwa hiyo mrija hupitishwa mahali pengi, kila mahali kasi inaandikwa, kisha wastani unatafutwa. Kwa dakti ya mstatili yenye ukubwa huu, desturi ni matundu 5 upande mmoja na vituo 5 katika kila tundu, jumla vipimo 25.

Vituo hivyo havigawanywi sawasawa. Kuna kanuni iitwayo log-Chebishefu, yenye jina la Pafnuty Chebyshev, mwanahisabati Mrusi wa karne ya 19, inayosema kwamba kwa mistari mitano vituo viwe kwenye 0.074, 0.288, 0.5, 0.712 na 0.926 ya upana. Kwenye kimo chetu cha milimita 300 hiyo ni milimita 22, 86, 150, 214 na 278. Ukigawanya sawasawa, kituo cha kwanza kinaangukia milimita 30, mbali kidogo na ukuta, na ile hewa inayojikokota kwenye bati haipati uzito wake wa haki. Jibu linatoka kubwa kuliko ukweli. Fundi makini huzungushia mrija utepe wa rangi kwenye kila alama kabla hajapanda, maana juu darini, kwenye giza na joto, hakuna nafasi ya kupima kwa rula.

Mahali pa kutoboa pana uzito kuliko idadi ya matundu. Mwongozo unaofuatwa sana unataka sehemu iliyonyooka yenye urefu wa vipenyo 7.5 kutoka kona iliyotangulia, na vipenyo 3 kabla ya kizuizi kinachofuata. Kwa dakti ya mstatili, kipenyo cha kuhesabia hupatikana kwa kuzidisha pande mbili, kuzidisha tena kwa 2, kisha kugawa kwa jumla ya pande hizo. Kwetu ni milimita 343, kwa hiyo tungehitaji mita 2.6 zilizonyooka baada ya kona. Dari za hospitali hazina ukarimu huo, kwa sababu mabomba ya oksijeni, nyaya na mihimili vyote vinagombea nafasi. Tuseme tumepata mita 1.4, yaani vipenyo vinne. Tutapima hapo hapo, ila upungufu huo utaingia kwenye hesabu mwishoni.

Kabla ya kuanza, manometa inaachwa izoee joto la mahali, mipira inatolewa na sifuri inakaguliwa. Mipira inakunjwa na kubanwa kidogo ili kujua kama inavuja. Kisha mrija unaingizwa, ncha yake ikitazama kule hewa inakotoka, sambamba kabisa na dakti. Mrija mzuri husamehe mpindo wa nyuzi chache, lakini mkono uliochoka hupinda zaidi ya hapo bila mwenyewe kujua, na kipimo kinashuka. Katika kila kituo fundi husubiri namba itulie au hutumia kitufe cha wastani. Hewa ya dakti haikai kimya, na namba hucheza.

Katika mfano wetu, tundu la kwanza, lililo upande wa ndani wa kona, limetoa paskali 7.2, 9.0, 9.8, 9.1 na 7.5. Tundu la nne, upande ambao hewa imeegemea, limetoa 11.6, 14.2, 15.0, 14.1 na 11.9. Ukisoma safu hizo mbili unaiona hewa yenyewe: polepole kwenye ukingo, mbio katikati, na dakti nzima imelemea upande mmoja kwa sababu ya kona. Mwonekano huu bado unakubalika. Kigezo kinachotumiwa na wengi ni kwamba zaidi ya robo tatu ya vipimo viwe juu ya sehemu moja ya kumi ya kile kikubwa kuliko vyote. Kikubwa chetu ni 15.0, na hata kidogo kabisa, 7.2, kiko mbali juu ya 1.5. Ungeona sifuri kadhaa, au namba zenye alama ya kutoa, ungejua kwamba hewa inazunguka na kurudi nyuma mahali hapo. Hakuna hesabu inayoweza kuokoa vipimo vya namna hiyo, na dawa ni kutoboa mahali pengine.

Sasa wastani, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu hujumlisha paskali zote 25, hugawa kwa 25, kisha hutafuta kipeuo mara moja. Ni kosa. Kipeuo kinatakiwa kutafutwa kwa kila kituo, halafu kasi ndizo zitafutiwe wastani. Tuseme nusu ya dakti ina paskali 4 na nusu nyingine 16. Vipeuo ni 2 na 4, wastani wake 3. Ukianza na wastani wa paskali unapata 10, na kipeuo chake ni 3.16. Umezidisha hewa kwa zaidi ya asilimia 5, na daima unazidisha, hupunguzi kamwe. Kwenye dakti yetu, ambayo haijalemea sana, kosa hilo lingekuwa chini ya nusu asilimia. Lakini fundi hawezi kujua udogo wake mpaka amefanya hesabu iliyo sahihi.

Wastani wa vipeuo vyetu 25 ni 3.359. Imebaki densiti, na hii ndiyo sehemu ninayotamani kila fundi wa nyanda za juu aibandike kwenye sanduku lake la vifaa.

Manometa nyingi za kidijitali zinazoonyesha kasi moja kwa moja zimetoka kiwandani zikiwa na densiti ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari katika nyuzi 20 hivi. Mombasa, kwenye nyuzi 28, densiti halisi ni kama 1.17, na kosa la kasi ni asilimia moja, si neno. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kwa shinikizo la paskali 83,000 na hewa ya nyuzi 22 ndani ya dakti, densiti inakuwa:

ρ = 83000 / (287 × 295) = 0.98

Hewa ni nyepesi, kwa hiyo inabidi ikimbie zaidi ili kutoa msukumo ule ule. Kifaa kisichojua hivyo kinaonyesha kasi ndogo kuliko iliyopo. Kwa 1.2, wastani wetu unatoa mita 4.34 kwa sekunde, na ukizidisha kwa eneo la dakti, mita za mraba 0.12, unapata mita za ujazo 1,873 kwa saa. Thieta inabadilisha hewa mara 18.9. Imeanguka mtihani.

Kwa 0.98, kasi ni mita 4.80 kwa sekunde na hewa ni mita za ujazo 2,073 kwa saa. Mara 20.9. Imefaulu.

Ni dakti ile ile, siku ile ile, vipimo vile vile 25. Fundi aliyeamini 1,873 angeongeza mwendo wa feni kwa asilimia 15 ili afikie 2,160. Umeme unaoliwa na feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo bili ya feni hiyo ingepanda kwa zaidi ya nusu, mota ingeweza kuzidiwa, na hewa halisi ingekuwa karibu 2,390. Wakati huohuo mizani ya shinikizo kati ya thieta na korido, iliyopangwa kwa uangalifu, ingevurugika. Kinga yake ni rahisi. Pima joto la hewa ndani ya dakti, soma shinikizo halisi la mahali, na uingize vyote viwili kwenye kifaa. Uwe mwangalifu na shinikizo linalotolewa kwenye taarifa za hali ya hewa, kwa sababu mara nyingi limerekebishwa liwe la usawa wa bahari. Ukiwa Nairobi na ukaona namba inayokaribia paskali 101,000, hiyo siyo ya kutumia.

Tumepata 2,073. Je, ni 2,073 kweli? Mpaka wetu ni 1,980, na tumeuvuka kwa mita 93 tu, asilimia 4 na nusu. Kama kipimo chenyewe kinaweza kukosea kwa asilimia 10, ushindi huo ni hewa tupu. Kwa hiyo fundi anapaswa kuhesabu shaka la kipimo chake, yaani upana ambao ukweli unaweza kuwa umejificha ndani yake, kwa kiwango cha imani cha asilimia 95.

Tuanze na manometa. Cheti chake cha ukaguzi kinasema inaweza kukosea kwa paskali 0.5. Wastani wetu ni kama paskali 11.4, kwa hiyo hiyo ni asilimia 4.4 ya shinikizo. Kipeuo sasa kinatusaidia, maana kosa la shinikizo huingia kwenye kasi likiwa limekatwa nusu, na linabaki asilimia 2.2. Hata hivyo kosa hili halipunguzwi kwa kupima mara nyingi. Kama kifaa kinasoma chini kwa nusu paskali, kinasoma chini kwenye vituo vyote 25.

Kucheza kwa namba ni jambo jingine kabisa. Kila kipimo kinaweza kuyumba kwa asilimia 5 ya kasi, lakini kimoja kinayumba juu na kingine chini, na vikikutana vinafutana. Mayumbo hayo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Kipeuo cha 25 ni 5, kwa hiyo linabaki shaka la asilimia 1. Ndiyo faida ya kutoboa matundu matano badala ya moja.

Eneo la dakti linaongeza lake. Kukosea milimita 2 kila upande ni asilimia 0.8 ya eneo, mradi umepima ndani na si nje. Dakti iliyowekewa sufi ya kuzuia kelele kwa ndani ina nafasi ndogo kuliko inavyoonekana, na kuisahau sufi hiyo huharibu jibu kuliko manometa mbovu. Joto na shinikizo la anga vinaleta asilimia 0.6, mrija wenyewe na mpindo wa mkono asilimia 1. Mwisho kuna ile sehemu fupi iliyonyooka. Hii haina cheti. Ni uamuzi wa fundi kwa kutazama namba zilivyolemea, na kwa vipenyo vinne baada ya kona nakubaliana na anayeweka asilimia 3. Anayeweka sifuri anajidanganya.

Mashaka haya hayajumlishwi moja kwa moja, kwa sababu ni nadra yote kuvuta upande mmoja kwa wakati mmoja. Kila moja linazidishwa kwa lenyewe, yanajumlishwa, kisha kipeuo kinatafutwa:

√(2.2² + 1² + 0.8² + 0.6² + 1² + 3²) = 4.1

Asilimia 4.1 ya 2,073 ni mita 85. Kwa hiyo ripoti inaandikwa 2,073 ± 85 mita za ujazo kwa saa. Ukweli uko kati ya 1,988 na 2,158, na hata ukingo wa chini uko juu ya 1,980. Fundi anaweza kutia sahihi.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mpe fundi huyo manometa ya bei nafuu inayokosea kwa paskali 1 badala ya nusu. Shaka la manometa linakuwa asilimia 4.4, jumla inapanda hadi 5.6, na upana unakuwa mita 116. Ukingo wa chini unashuka hadi 1,957, chini ya mpaka. Namba kubwa kwenye ripoti haijabadilika, bado ni 2,073, lakini sasa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba thieta imefaulu. Ripoti yenye namba peke yake ingeficha tofauti hiyo yote.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mahali pa kuweka nguvu. Kuongeza vipimo kutoka 25 hadi 49 kungepunguza ile asilimia 1 ya mayumbo tu, na jumla isingesogea kwa kuonekana. Kupata mahali penye mita 2.6 zilizonyooka, hata kama ni kwa kufungua paneli nyingine ya dari, kungeondoa sehemu kubwa kuliko zote. Na pale kasi inapokuwa chini ya mita 3 kwa sekunde, ambapo msukumo hauzidi paskali 5, mrija wa Pitot haufai tena kwa manometa za kawaida. Fundi hugeukia kipima upepo cha waya wa moto, au hupima kwenye matundu ya darini kwa kofia ya kupimia hewa.

Kofia hiyo ina kazi nyingine hata hapa kwetu. Ukijumlisha hewa ya matundu yote ya dari ya thieta ukapata, tuseme, 1,800, wakati dakti inasema 2,073, pengo hilo ni kubwa kuliko shaka la kipimo cha dakti. Kabla hujalaumu mrija, kagua densiti iliyowekwa kwenye kofia, kwani nayo huja na hewa ya usawa wa bahari. Ikiwa iko sawa, tafuta maungio ya dakti yanayovuja kati ya ulipopima na thieta.

Limebaki jambo ambalo ripoti nyingi haziligusi. Vipimo vyetu vilifanywa vichujio vikiwa vipya. Baada ya miezi kadhaa vitajaa vumbi, hewa itapungua, na ile nafasi ya mita 8 iliyobaki kati ya 1,988 na 1,980 itakwisha mapema. Kwa hiyo kabla ya kufunga matundu kwa vizibo, fundi huziba sehemu ya vichujio kwa karatasi ngumu mpaka upungufu wa shinikizo ufikie ule wa kichujio kinachokaribia kubadilishwa, kisha hurudia vipimo. Kwenye thieta yetu, karibu bila shaka hewa itashuka chini ya mpaka, na hapo ndipo mwendo wa feni unapoongezwa: kidogo, kwa kiasi kilichohesabiwa, huku densiti ya Nairobi ikiwa tayari imo kwenye kifaa.